Shukrani ya Kesho Yake

Evald Tuvesson alifika kwa akina Rosvall mapema kidogo, akafanya ambacho mtu yeyote mwenye adabu zake pale Skåne, kusini mwa Uswidi, angefanya: aliupita mlango kama hajauona, akaenda kuuzunguka mtaa. Kuwahi kwa watu ni kumkuta mama mwenye nyumba bado kavaa aproni, jasho linamtoka. Kuchelewa nako ni matusi. Kwa hiyo mzee wa watu alizunguka na baridi yake ya Novemba, maua mkononi, viatu vya ndani kwenye mfuko wa plastiki, hadi kengele ya kanisa ilipogonga saa kumi na mbili. Hapo ndipo alipobonyeza kengele ya mlango.

Alikuwa amestaafu ukuu wa stesheni, na watu walisema ndiyo maana anashika saa vile. Uongo. Wote pale wanashika saa vile, hata wasiowahi kuiona treni kwa karibu.

Pale kizingitini aliyavua maua karatasi, maana maua hayatolewi yakiwa yamefungwa, na karatasi ile hakujua aiweke wapi. Hili lilimchoma ghafla. Miaka yote karatasi aliipokea Hillevi, akaikunja na kuitia kwenye pochi, mambo yakaendelea. Hillevi alikuwa amezikwa tangu majira ya kuchipua. Huu ulikuwa mwaliko wa kwanza ambao Evald alikuja peke yake, na karatasi aliisokomeza mfukoni mwa koti.

"Karibu, karibu, ingia, unaleta baridi ndani," alisema Sixten Rosvall, mwenye nyumba, mtu mnene mcheshi ambaye walianza naye darasa la kwanza. "Naona umezunguka mtaa, pua imekuwa kama karoti."

"Nilikuwa nanyoosha miguu."

"Wote mnanyoosha miguu. Göte na Viveka nimewaona dirishani wakinyoosha miguu yao upande wa pili. Mngegongana."

Göte na Viveka walikuwa majirani wa Evald, nyumba ikitazamana na nyumba. Hao ndio waliobaki katika kundi lao: jozi mbili, hiyo na ya akina Rosvall, na yeye, ambaye sasa hakuwa jozi na mtu. Kwa zaidi ya miaka ishirini walikuwa wakialikana kwa zamu, bata bukini wa Novemba kwa akina Rosvall, mvinyo wa moto wa kabla ya Krismasi kwa akina Göte, kamba wa mtoni wa Agosti kwa akina Tuvesson. Nje ya kundi hilo Evald alikuwa na binti aliyeolewa mbali, Gothenburg, na redio. Alijua vizuri kabisa kwamba wakimwacha hawa hana wengine. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amelala macho akijiuliza kama mjane wa kiume ataalikwa mara moja tu, kwa huruma, kama anavyotolewa mtu rambirambi.

Kisha akaiona nafasi yake mezani. Kadi yenye jina lake ilikuwa kushoto kwa Ingegerd, mama mwenye nyumba.

Sasa, kushoto kwa mama mwenye nyumba hakuketi mtu hivi hivi. Mwanamume anayewekwa pale anapewa heshima, na heshima ile ina mkia: ndiye atakayesimama kwa niaba ya wageni wote na kutoa shukrani za chakula. Hakuna anayemwambia. Anaiona kadi, anajua, na kuanzia hapo chakula kinamshuka kwa tabu. Ingegerd angeweza kumweka Göte. Alimweka yeye, mtu wa kilio, na Evald alielewa kwamba mwanamke huyu anamwambia mbele ya wote kuwa nafasi yako ipo. Macho yalimwasha, ikabidi ajifanye anatafuta leso ya meza.

Wakaketi. Mvinyo ulikuwa umeshamiminwa lakini hakuna aliyeugusa, hadi Sixten alipoinua glasi, akawakaribisha, wakatazamana machoni kila mmoja na mwenzake, wakanywa, wakatazamana tena kabla ya kuziweka glasi chini. Ikaja supu nyeusi. Supu ile, nisikufiche, ni damu ya bukini, imekorogwa na mchuzi, karafuu, tangawizi na konyagi, na ndani yake vinaelea vipande vya tufaha na plamu kavu. Watu wa Skåne huisifu sana na huila kidogo sana. Evald aliimeza vijiko kadhaa akiwa anaitunga hotuba kichwani.

"Huli, Evald," Ingegerd alisema kwa sauti ya chini.

"Nakula, shemeji. Nakula na kufikiri."

"Usifikiri sana, supu itaganda."

Akaja bukini mwenyewe, ngozi yake imekaukia vizuri, tumbo limejazwa tufaha, pembeni kabeji nyekundu na viazi vilivyokaangwa kwa sukari na siagi. Sahani zilipita mara ya kwanza, zikapita mara ya pili, maana mara ya pili usipochukua umemwambia mpishi jambo. Göte alieleza habari ya mbwa wake aliyekula kofia ya kasisi. Viveka alimsahihisha kila sentensi. Kulikuwa na joto, na mara moja, kwa kitambo kifupi tu, Evald alicheka kweli, kisha akageuka upande aone kama Hillevi naye anacheka. Upande ule alikuwapo Viveka.

Keki ya tufaha na mchuzi wake wa vanila ilipokuwa imeliwa nusu, wakati ukafika. Kabla ya hapo ni mapema, na ukingoja kahawa umechelewa. Aligonga glasi kwa kisu, polepole. Akasimama.

"Mpendwa Ingegerd, mpendwa Sixten," alianza. "Kuna watu wanaosema bukini ni ndege mpumbavu. Mimi nasema bukini aliyeishia kwenye jiko la Ingegerd alijua anakwenda wapi, alikuwa na bahati kuliko sisi." Wakacheka. "Supu ilikuwa nyeusi inavyotakiwa. Kabeji ilikuwa kali na tamu kwa mpigo, kama mpishi wake." Sixten akapiga meza. "Nilikuwa na hofu ya kuja. Nilidhani kiti kimoja kitupu kitakaa mezani na sisi jioni nzima. Ingegerd amepanga viti hata hakikuonekana. Hillevi angesema hayo vizuri zaidi, lakini Hillevi hayupo, basi nayasema mimi. Kwa niaba yetu wageni wote: asanteni kwa chakula, na kwa kunikumbuka."

Wageni wakainua glasi kwa wenyeji. Ingegerd alimgusa mkono. Viveka alikuwa akijifuta pua na kuzisingizia karafuu.

Walipoinuka mezani kila mmoja alipita mbele ya Ingegerd, akampa mkono: asante kwa chakula. Naye kwa kila mmoja: karibu, kikufae. Evald naye alipita, ingawa alikuwa ameshashukuru kwa wote. Baada ya kahawa, mlangoni, akiwa ameshavaa viatu vya nje, alishukuru tena: asante kwa jioni hii. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Shukrani ya mezani, shukrani ya kuinuka, shukrani ya mlangoni, zote alikuwa amezitoa, tena ile ya mezani alikuwa ameitoa vizuri kuliko alivyowahi kuitoa. Alilala akijua amefaulu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Alifagia majani uani, akachemsha mayai, akasikiliza ibada ya redioni. Simu ilikuwa pale koridoni, nyeusi, ya kuzungusha namba, na hakuitupia hata jicho.

* * *

Siku zikaenda. Evald alikuwa anangoja, bila haraka, maana baada ya bukini huja mvinyo wa moto kwa akina Göte, na Viveka hupiga simu mwishoni mwa Novemba. Aliipeleka suti kwa dobi. Jioni alikula alichokula, akaosha sahani moja. Zamani akimaliza kula alikuwa akimwambia Hillevi asante kwa chakula, hata kama ni uji, kama mtoto alivyofunzwa kwao kuwa haondoki mezani hajasema. Sasa alikipika mwenyewe na kukila mwenyewe. Kujishukuru alijaribu mara moja, akajiona chizi. Akaacha, na tangu hapo kila mlo ulikuwa kama haujaisha. Ndivyo alivyoona, na hakuwa na wa kumwambia.

Katikati ya wiki moja alimkuta Ingegerd kwenye duka la ushirika, penye mizani ya viazi. Moyo ulimruka kwa furaha.

"Habari, shemeji. Naona mvua imeanza kuchanganyika na theluji."

Ingegerd alisimama, kikapu mkononi, akamtazama. Alikuwa anangoja kitu. Evald aliona kabisa kwamba anangoja, akadhani labda hakusikia vizuri.

"Nasema mvua. Imeanza na theluji."

"Ndiyo," alisema Ingegerd. "Imeanza."

"Sixten hajambo?"

"Hajambo. Anakohoa tu."

"Msalimie."

"Zimefika." Bado alisimama kidogo, uso umefunguka nusu kama mlango ambao mtu ameushika usijifunge. Kisha akaufunga. "Haya, Evald. Niwahi benki."

Viazi hakupima. Evald alibaki pale akijiuliza amekosea nini. Alijinusa kwapa. Akafikiri labda ni ile hotuba, labda kumwita mpishi kali na tamu kulimkera, labda kumtaja marehemu mezani kulikuwa uchuro. Kuuliza si ujinga, lakini nani wa kumuuliza? Watu wa kule hawamwambii mtu kosa lake. Wanaondoka kwa adabu.

Jumapili ya kwanza ya majilio ikafika, madirishani wakawasha nyota za karatasi. Viveka hakupiga simu. Evald alijipa sababu: Viveka ana mafua, tarehe imesogezwa. Jumamosi iliyofuata, giza likiwa limeingia mapema kama kawaida ya mwezi ule, alikuwa anavuta pazia la sebuleni akaliona gari la Sixten likipaki mbele ya nyumba ya Göte. Hawakuingia moja kwa moja. Sixten na Ingegerd walikaa ndani ya gari wakingoja saa itimie, wameketi wima kama watu kwenye foleni ya daktari. Ingegerd alikuwa na maua. Saa ilipotimia alitoka, akayavua karatasi, akaikunja.

Mlango ukafunguka, ukafungwa. Evald alisimama nyuma ya pazia. Aliweza kuona vichwa vyao dirishani, na mvuke wa chungu, na mkono wa Göte ukienda huku na huku akisimulia kitu, bila shaka habari za mbwa. Alihesabu viti. Vilikuwa vinne, na hakuna aliyekuwa akikosekana.

Nataka kusema ukweli wa jambo hili maana watu hupenda kulipamba: Evald alilia. Alilia amesimama, mzee wa stesheni, ameshika pazia ambalo marehemu mke wake alilishona. Kisha akalivuta hadi mwisho na kuzima taa, wasije wakajua yupo.

* * *

Binti yake, Marit, alipiga simu kesho yake kutoka Gothenburg, kama kila Jumapili.

"Baba, jana ulikuwa kwa akina Göte? Mvinyo wa Viveka umekuua?"

"Sikualikwa."

"Usinitanie."

"Sikualikwa, Marit. Nimewaona dirishani. Walikuwepo wote."

Watoto walisikika nyuma wakigombea kitu. "Mmegombana?"

"Na nani nigombane? Sijafungua mdomo wiki nzima ila kumwambia dobi asante." Akamweleza yote: kadi kushoto kwa Ingegerd, hotuba, viazi na theluji dukani, jinsi Ingegerd alivyosimama akimtazama. "Hotuba ilikuwa nzuri, mwanangu. Viveka alilia. Sijui nimewakosea nini."

"Baba. Kesho yake ulipiga simu?"

"Simu gani?"

"Ya kushukuru."

"Nilishashukuru. Nimesema nilisimama, nikagonga glasi..."

"Hiyo ni ya mezani. Mimi nauliza ya kesho yake. Ulimpigia Ingegerd Jumapili ukamwambia asante kwa jana?"

Evald aliihamishia simu sikio la pili.

"Na dukani," Marit aliendelea, sauti imeshaanza kupanda, "ulipomkuta, neno la kwanza lilikuwa nini? Usiniambie lilikuwa mvua."

"Lilikuwa mvua."

"Ee Mungu wangu. Baba. Mtu umekula bukini wake, umekaa kushoto kwake, unakutana naye mara ya kwanza tangu siku ile, unamwambia mvua. Hata mtoto wangu wa miaka sita anajua, akimwona mama wa rafiki yake aliyemfanyia sherehe, anasema *tack för senast*. Asante kwa ile ya juzi. Ndipo mnaongea mvua."

"Najua hilo neno," Evald alisema, ameanza kuudhika. "Nimelisikia maisha yangu yote."

"Umelisikia. Umewahi kulisema?"

Akafikiri. Aliliona duka, kanisa, stesheni, mtaa. Kila mahali Hillevi alikuwa hatua moja mbele yake, mkono umeshanyooshwa: asanteni kwa juzi, ilikuwa jioni nzuri. Yeye alikuwa nyuma, akiinua kofia. Na Jumapili asubuhi, ibada ya redioni ikiisha, Hillevi alikuwa koridoni na simu, anacheka, anashusha sauti, anacheka tena, hadi kahawa inapoa. Evald alikuwa akimwambia kwa sauti kubwa kutoka jikoni kwamba simu ni ghali na umbea ni bure. Miaka yote hiyo alidhani ni umbea.

"Alikuwa anapiga mama yako," alisema.

"Ndiyo. Wewe ulikuwa wa mezani na mama wa kesho yake. Mligawana. Sasa umefanya nusu yako, na nusu ya pili imekaa tu hapo."

"Kwa hiyo wamekasirika."

"Sijui kama wamekasirika. Mimi ningekuwa Ingegerd ningesema, masikini, jioni ilimchosha, hataki watu, tusimsumbue. Ningekuacha upumzike."

Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Hasira ina mwisho wake, watu hukasirika wakapoa. Lakini kuachwa upumzike, pale kwao, mtu anaweza kupumzishwa hadi azikwe.

"Ni karibu mwezi," alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki. Nitaanzia wapi? Ataniona mpumbavu."

"Akuone. Neno lenyewe halisemi jana, halisemi wiki jana. Linasema ile ya mwisho. Ya mwisho kwenu ni ile. Kawia ufike, baba."

"Nitapiga baadaye."

"Utapiga sasa. Si mapema sana, wameshatoka kanisani, na chakula cha mchana bado. Mama alikuwa anapiga saa hizi hizi. Nakata." Akakata, mtoto yule, bila kuaga.

* * *

Namba aliikuta kichwani mwake bila kujua ilivyoingia. Labda kwa kusikia kile kidude kikizunguka na kurudi Jumapili zote zile. Ilipoita mara ya kwanza alitaka kuweka chini. Ya pili alitamani apokee Sixten, wacheke, yaishe.

"Kwa Rosvall." Alikuwa Ingegerd.

"Ni Evald."

"Evald."

"Shemeji, nimepiga..." Alikuwa amesimama mbele ya watu mara ngapi akigonga glasi, na sasa hakuwa na glasi. "Nimepiga kusema asante kwa juzi. Kwa ile ya bukini. Nilipaswa kupiga kesho yake, sikupiga. Sikujua kuwa ni mimi."

"Hukujua kuwa ni wewe."

"Alikuwa anapiga Hillevi. Mimi nilidhani mnaongea tu."

Ingegerd alivuta pumzi, ikasikika kwenye waya. "Tulikuwa tunaongea tu," alisema. "Nilikaa hapa Jumapili ile, Evald. Sixten akaniuliza nangoja simu ya hospitali? Nikamwambia nangoja ya Evald. Ikafika mchana, ikafika jioni. Nikasema basi, hakupenda. Tumemlazimisha mtu kwenye kilio chake, tumemkalisha asimame aseme, ni mimi niliyepanga viti. Nikajilaumu, wacha nikuambie. Halafu dukani ukaniletea theluji."

"Nilikuona unangoja."

"Nilingoja sana. Nikamwambia Viveka, tumwache, ameonyesha kwa adabu kwamba hataki. Viveka hakutaka kukuacha, ujue. Jana Göte ameuliza mara tatu huyu Evald yuko wapi, mbona taa zimezimwa."

"Nilizizima mimi."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa nyuma ya pazia."

Ingegerd alikuwa mwanamke asiyelia hovyo, na hakulia, lakini alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

"Nisamehe, Evald."

"Mimi ndiye niliyekuja na theluji." Akajaribu kucheka, haikutoka vizuri. "Niambie kitu. Alikuwa anasema nini, Hillevi, asubuhi zile? Maana asante ni neno moja. Ninyi mlikaa hadi kahawa yangu ikapoa."

"Kwanza chakula," alisema Ingegerd. "Anaanza na supu, anakwenda sahani kwa sahani. Na alikuwa hapambi. Akisema kabeji imezidi siki, imezidi siki. Mwaka mmoja aliniambia bukini wangu angeweza kuvaliwa kama kiatu, nikakaa na hasira hadi Krismasi, na mwaka uliofuata nikamchoma vingine. Halafu watu. Nani alikuwa amechoka, nani kanywa sana, kwa nini Göte kanuna. Halafu wewe."

"Mimi?"

"Ulivyosema usiku mkirudi. Alisema mkitoka hapa hufungi mdomo hadi kitandani. Penye watu wengi haongei, akisharudi kwake ndipo jioni inamtoka yote. Ndivyo alivyosema."

Ilikuwa kweli. Evald hakuwahi kuliwaza, kama mtu asivyowaza anavyopumua, lakini ilikuwa kweli kabisa.

"Ingegerd," alisema, na safari hii hakusema shemeji. "Ile supu sikuimaliza."

"Najua. Sahani niliiondoa mwenyewe."

"Siyo kwamba ilikuwa mbaya. Karafuu zilizidi kidogo."

"Zilizidi," Ingegerd alikubali. "Mkono uliteleza. Endelea."

"Ngozi ya bukini ilikuwa bora kuliko mwaka jana. Viazi nilichukua mara mbili, lakini mara ya pili ilikuwa kwa adabu. Keki sikumbuki, nilikuwa nasimama. Viveka hampi Göte nafasi ya kumaliza hadithi yake hata moja, na bado anamshika mkono chini ya meza, niliona. Sixten anakohoa tangu siku ile, akapimwe. Na wewe ulikuwa umechoka. Ulicheka usoni tu." Maneno yalikuwa yakimtoka yenyewe sasa, moja likimvuta jingine. "Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Nikafungua mlango, nikasimama hapa hapa koridoni na koti mwilini, nikaanza kusema, 'Unajua Göte na ule mbwa wake...' Kwa sauti. Nilikuwa nimeshafika kwenye kofia ya kasisi ndipo nikasikia kwamba nasema peke yangu."

Redio ya akina Rosvall ilikuwa ikiimba mbali, mtu akaizima.

"Nikavua koti nikalala," alisema Evald. "Hiyo ndiyo jioni yangu. Sikuwa na wa kumpa iliyobaki."

"Nami asubuhi yake nilikuwa nimekaa hapa," alisema Ingegerd, "sina wa kuniambia kwamba karafuu zimezidi."